Uji wa Kopo la Wifi

Mimi ni mtu wa wivu, na nalisema mapema ili msomaji asije akanionea huruma bure. Wengine huona wivu kwa sababu ya waume, nyumba au magari. Wangu mimi, ule mkali kuliko wote niliowahi kuuona, ulikuwa wa kopo la uji wa mtoto.

Tulikuwa tukiishi Tegeta, nyumbani kwa mama mkwe, mwalimu mstaafu na mjane aliyepandisha nyumba ile tofali kwa tofali. Mimi na mume wangu tulikuwa na vyumba viwili vya uani. Ndani, kwenye nyumba kubwa, aliishi wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye mumewe alikuwa dereva Omani. Jiko lilikuwa moja, tukipika kwa zamu. Na kama vile zamu ya jiko haikututosha, tukajifungua kwa kufuatana: yeye mtoto wa kiume, mimi wiki mbili baadaye mtoto wa kike.

Basi kuanzia siku ile nyumba ikawa na mizani. Wa wifi ameota jino, wangu bado. Wa wifi anakaa, wangu anaanguka kama mfuko wa mchele. Wa wifi alikuwa na mashavu, mapaja yenye mikunjo na shingo isiyoonekana. Wangu alikuwa mwembamba mwenye macho makubwa, akitazama watu kana kwamba wanadaiwa maelezo. Mama mkwe alimpenda, siwezi kumsingizia. Lakini wageni wakija, aliyepakatwa sebuleni alikuwa yule mnene, na mimi nilikuwa nasikia huku uani, nikifua: "Huyu ndiye mtoto. Mikono imejaa. Mama yake anajua kulisha."

Mama yake anajua kulisha. Niliifua ile nguo mpaka rangi ikatoka.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kulisha watoto, angalau kwa upande wa maandishi, ilikuwa kazi yangu mimi. Nilikuwa nauza kwenye duka kubwa la bidhaa mchanganyiko kule barabarani, na rafu yangu ilikuwa ya vyakula vya watoto. Dada mmoja wa stoo, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, ndiye aliyenifundisha kusoma paketi. Siku ya kwanza alinipokonya boksi nililokuwa nalitazama mbele, penye picha ya mtoto anayecheka, akaligeuza. "Mbele pametengenezwa ili ununue," aliniambia. "Nyuma ndiko kuna habari."

Alinionyesha kwamba vilivyomo huandikwa kwa kufuatana na uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kwa hiyo ukikuta sukari imekaa nafasi ya pili, ujue baada ya unga hakuna kilichozidi sukari. Alinionyesha pia kuwa sukari inajua kubadilisha nguo: mara ni glukosi, mara sharubati ya mahindi, mara asali, na asali mtoto asiyetimiza mwaka hapewi kabisa. Kuhusu madini ya chuma alikuwa mkali. Akiba ambayo mtoto anazaliwa nayo inakwisha akikaribia miezi sita, alisema, na kuanzia hapo maziwa ya mama peke yake hayamtoshi kwa upande wa damu. Kwa hiyo tafuta neno chuma kwenye jedwali, na usome safu ya gramu mia moja, kwa sababu kila kampuni inakata mlo wake inavyotaka na ukilinganisha milo utadanganyika. Halafu maziwa: kama unga wa maziwa umo, uji unakorogwa kwa maji yaliyochemshwa, basi. Kama haumo, mama aongeze maziwa mwenyewe. "Na ladha ya maziwa siyo maziwa," alimalizia. "Ni harufu." Mwisho kabisa, umri. Umri hauandikwi kwa urembo.

Nililishika somo lile vizuri, wateja wakawa wananitafuta. Akina mama wa mtaani, hata wa mitaa ya mbali, walikuwa wakiniletea paketi nyumbani jioni niwasomee, maana nyingine zinakuja na Kiarabu na Kiingereza, herufi ndogo kama sisimizi. Mama mkwe mwenyewe, macho yake ya ualimu yalikuwa yamechoka, hasomi tena vitu vidogo. Alikuwa akisema, "Mke wa mwanangu ni msomi wa maboksi," na watu wanacheka. Hakuwahi hata siku moja kunipa kopo la binti yake nilisome.

Lile kopo sasa. Lilitoka Omani kwa mkono wa msafiri, la bati, lenye mfuniko wa plastiki wa buluu, na lilikaa kwenye kabati la sebuleni pamoja na vikombe vya wageni. Siyo jikoni, kabatini, nyuma ya kioo. Wifi akilichukua asubuhi kwenda kukoroga uji, alipita nalo uani polepole. Mimi wakati huo nakuwa jikoni na sufuria yangu, kwa sababu unga niliokuwa nikimpa binti yangu, wa hapahapa nchini, ulikuwa na chuma kilichoongezwa lakini hauna maziwa, kwa hiyo lazima nichemshe maziwa kwanza.

"Wifi, bado unachemshaga tu?" aliniuliza asubuhi moja, anakoroga wake kwa maji ya chupa ya chai. "Mie dakika moja nimemaliza."

"Sie wengine hatuna watu Omani," nikamjibu.

"Mungu atawafungulia na nyie."

Alilisema kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza.

Siku alipokwenda sokoni nikaingia sebuleni, nikafungua kabati, nikalitoa kopo. Sikuwa natafuta elimu. Nilikuwa natafuta kosa. Nikaanza na jedwali, na macho yakatua palepale kwenye mstari wa sukari, na pale palikuwa na namba. Moyo wangu ulifurahi mpaka nikaona aibu. Nikarudi kwenye orodha ya vilivyomo nikamate ushahidi: ngano, unga wa maziwa, matunda yaliyokaushwa, vitamini, madini. Sukari haikuwamo. Asali haikuwamo. Glukosi hakuna. Ile namba ilikuwa ya sukari inayokuja yenyewe ndani ya maziwa na matunda, jambo ambalo dada wa stoo alikuwa amenifundisha na ambalo siku ile ningependa kulisahau. Chuma kilikuwepo, cha kutosha, na vitamini C pembeni yake inayosaidia mwili kukifyonza. Umri: kuanzia miezi sita. Nililigeuza mara tatu. Lilikuwa kopo zuri kuliko kitu chochote kwenye rafu yangu.

Nikalirudisha nyuma ya kioo. Kumchukia mtu na ukakosa hata pa kumshika ni kazi ngumu.

Miezi ikaenda. Watoto walikuwa wanakaribia miezi tisa, ikafika Jumamosi moja, zamu yangu ya kusafisha jiko na kuchoma taka. Nikamwaga pipa la taka shimoni, nikaona ndani ya mfuko mweusi uliofungwa mafundo mawili, na ambao ulipasuka ulipoanguka, vipaketi vidogo vya rangi ya chungwa. Vilikuwa vingi, vyote vimekatwa kwa mkasi juu na kukamuliwa vizuri. Nilivijua hata kabla sijainama. Dukani kwetu havikai kwenye rafu yangu. Vinakaa na biskuti na majani ya chai: uji wa papo hapo wa watu wote, ambao mtu huunywa ofisini akichelewa kupata chai.

Nikaokota kimoja, nikakigeuza nyuma kwa mazoea. Unga wa mahindi, sukari, ya pili kabisa, kisha mafuta ya mimea, chumvi, ladha ya maziwa na vanila. Maziwa yenyewe hayakuwamo. Kwenye jedwali hapakuwa na mstari wa chuma. Na chini, pembeni ya alama ya kutupa taka, palikuwa pameandikwa kwa Kiswahili safi kuwa hiki si chakula cha mtoto mchanga, na hakifai kwa walio chini ya miaka mitatu.

Nikaelewa yote palepale. Kopo la Omani lilikuwa limekwisha, na wifi alikuwa akilijaza kwa vile vipaketi, kisha anapita nalo uani polepole kama kawaida.

Ningependa kuandika kwamba nilimkimbilia. Nilichofanya ni kuvirudisha vipaketi shimoni, nikavimwagia mafuta ya taa kidogo, nikawasha. Nikasimama nikitazama vinavyojikunja, na furaha niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya harusi yangu. Unajua kulisha, eti. Nikajiambia siri hii si yangu kuisema. Nikajiambia pia mambo mengine mengi yanayofanana na hekima. Ukweli ni kwamba nilitaka aanguke mwenyewe, mbele za watu, na mimi nikiwepo.

Wiki tatu nilikaa nayo. Asubuhi alipita na kopo, nami nikamsalimia vizuri kuliko miezi yote iliyopita. Mama mkwe alipomsifu mjukuu mnene, nikaitikia, "Kweli mama, amejaa." Sukari inajaza, hilo hata dada wa stoo hakubishana nalo. Na nilimwona yule mtoto anavyobadilika, siwezi kusema sikuona. Alikuwa amepoa. Alianza kulala saa ambazo zamani alikuwa akitambaa kufukuza kuku. Siku moja nilimpakata mama yake akioga, akanishika kidole, nikageuza kiganja chake kama ninavyogeuza paketi. Kilikuwa cheupe. Nikakiweka cha binti yangu pembeni yake, kilikuwa na wekundu wake. Nikaufumba mkono ule, nikamrudisha kwenye mkeka, na mama yake alipotoka bafuni nikamwambia mtoto alikuwa mtulivu.

Hapo siwezi kusingizia furaha tena. Ule ulikuwa wivu mtupu, na ulikuwa unamla mtoto.

Siku ya kliniki tulikwenda pamoja, kama kila mwezi, kadi zetu mkononi. Pale kwenye kituo cha afya watoto walipimwa uzito na nesi mwanamama mwenye miwani, na wa wifi aliponing'inizwa kwenye mzani wanawake wa benchi la mbele walimtazama kwa kumtamani. Nukta yake kwenye kadi ikakaa juu. Ya binti yangu ikakaa chini, ndani ya njia ya watoto wenye afya lakini chini. Wifi akanipigapiga goti kunifariji. Naye alikuwa akimaanisha.

Lakini nesi hakumrudisha mtoto. Alimgeuza viganja, akavuta kope ya chini kwa kidole gumba, akatazama, akamtazama tena kwenye mwanga wa dirisha. Akamwita na wangu pia, akamfanyia vilevile. Tukatumwa sote maabara, watoto wakatobolewe kidole.

Majibu yalipokuja nesi alituita chumbani sote wawili, kwa kuwa tulimwambia ni watu wa nyumba moja. Alianza na mimi. "Huyu mwembamba, lakini damu yake nzuri. Endelea hivyohivyo, mama, umlishe mara kwa mara." Miezi kumi niliisubiri sentensi ile. Nilikuwa nimepanga hata uso nitakaoitikia nao. Ilikuja, nikawa namtazama wifi.

"Huyu ana upungufu wa damu," nesi akasema, akamgeukia. "Unene usikudanganye. Anakula nini?"

Wifi akafungua mkoba. Kopo lilikuwamo, maana hakuenda popote bila lile kopo. Akaliweka mezani. Nesi akavaa miwani vizuri, akaligeuza nyuma, akasoma kwa kidole, taratibu, kama nilivyosoma mimi. "Chuma kipo," akasema. "Cha kutosha. Maziwa yamo. Sukari hawajaongeza. Umri sawa." Akalitua. "Ni chakula kizuri hiki. Basi tatizo siyo chakula. Tutampima malaria leo, na damu nyingine tuipeleke kuangalia siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, majibu yake yanachukua siku. Kwa sasa usibadilishe kitu. Mwendeleze na uji huuhuu."

Wifi akasema, "Sawa, nesi." Akalivuta kopo upande wake. Neno siko seli lilikuwa limemtisha waziwazi. Nesi akaanza kuandika fomu. Nilimtazama wifi nikimsubiri aseme, na yeye akatazama sakafu. Kalamu ilikuwa inakwenda. Mtoto alikuwa amelala begani kwake saa nne asubuhi, katikati ya kelele za watoto wengine wote.

"Nesi," nikasema, "kilichomo ndani siyo kilichoandikwa nje."

Kalamu ikasimama. Sikumtazama wifi. Nikasema kilichokuwamo, jina la paketi na rangi yake, na kwa kuwa nilikuwa nakijua kwa moyo nikasoma yote kuanzia juu: unga wa mahindi, sukari, mafuta ya mimea, chumvi, ladha. Maziwa hakuna. Chuma hakuna. Chini ya miaka mitatu hairuhusiwi. Nesi alifungua mfuniko wa buluu, akachukua kidogo kwa ncha ya kijiko, akaonja. "Sukari tupu," akasema.

Hakumfokea. Alimuuliza tu tangu lini, na wifi akajibu kwa sauti ya chini kwamba ni zaidi ya miezi miwili sasa. Mumewe alikuwa amenyamaza. Simu haipokelewi, msafiri haji. Alikuwa akiona aibu mama yake ajue, akaona kopo likae palepale kabatini mpaka mambo yatakapotengemaa. Paketi ilikuwa na picha ya mama na mtoto mbele, na imeandikwa ladha ya maziwa. "Nilijua ni uji tu kama ule," akasema. Nyuma hakuwahi kugeuza. Alikuwa na mtu nyumbani kwake anayeusomea mtaa mzima paketi, na aliona bora asigeuze kuliko kuniletea mimi.

Nesi aliandika upya. Kipimo cha siko seli akakiacha kwenye fomu kwa tahadhari, malaria ikapimwa ikawa hamna, na safari hii akaeleza chakula: maini, dagaa waliosagwa, maharage, mboga za majani na chungwa pembeni, na unga wa mtoto wenye chuma. Dawa ya maji ya kuongeza damu akasema ataitoa majibu yakirudi, baada ya siku chache. "Uji ule usimpe tena hata kijiko," akasema. Akanitazama mimi. "Vizuri umesema."

Tulitoka nje hadi kwenye kivuli cha ukuta, wifi akasimama kumfunga mtoto mgongoni. Alifunga kanga, akaifungua, akaifunga tena.

"Wewe ulijua tangu lini?" akaniuliza.

Ningeweza kusema jana. Asingejua.

"Wiki tatu," nikamwambia. "Nilikuta paketi shimoni."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa nauli imepanda. Hakulia, hakunitukana. Tukatembea mpaka nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, na kile kichwa kidogo kikiwa kimelala upande kwenye kanga, kinanitazama kila akifungua macho.

Nilijua kinachonisubiri. Mama mkwe alikuwa barazani akichambua mchele, akauliza kliniki wamesema nini. Wifi akakaa chini kwenye jamvi, akamweleza mama yake yote. Mumewe aliyenyamaza. Kopo lililojazwa. Paketi, sukari, damu, maini, dagaa. Hakujitetea hata kidogo. Nilikuwa nimesimama kwenye nguzo nikisubiri afike kwenye wiki tatu, na nilikuwa nimeshajipanga kwenda uani kufungasha.

"Wifi ndiye aliyegundua," akamaliza. "Asingekuwa yeye, wangenirudisha niendelee kumpa."

Wiki tatu hakuzitaja.

Mama mkwe aliweka ungo pembeni. Akaniita nikae karibu yake, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili yenye vumbi la mchele, na machozi yalikuwa yanamtoka yule mwalimu ambaye sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya arobaini ya mumewe. Akasema kwamba Mungu amempa mtoto wa pili wa kike. Akasema mjukuu wake amepona kwa sababu yangu, na kwamba kuanzia leo chakula cha watoto wote wawili ni juu yangu, maana mimi ndiye ninayejua kulisha.

Wifi alikuwa ananitazama, mtoto mapajani, anasubiri kuona nitasema nini.

"Asante, mama," nikasema.